Kipande kimoja ni shilingi ngapi leo? Jinsi ya kupiga hesabu ya thamani ya kipande, kwa mfano wa kikundi cha Moshi

Jumapili moja mchana tulikaa Soweto, hapa Moshi, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, tukimsubiri mwanachama mpya. Alikuja na risiti ya benki ya shilingi milioni mbili, akapewa kahawa, akaketi. Tulipomwambia atapata vipande 1,756 na ushee, akashangaa.

"Kaka, ninyi mlianza kwa elfu moja kipande. Milioni mbili si vipande elfu mbili? Mbona mimi mnanipandishia?"

Kabla sijafungua daftari, mama mmoja wa kikundi, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa pale Rau, alimjibu: "Mwanangu, ndama tulimnunua laki nne. Tukamlisha, tukamtibu, sasa ana mimba. Wewe unataka kuingia ubia leo kwa bei ya ndama?"

Jibu la yule mama ndilo hasa suala la thamani ya kipande. Popote watu wanapochanga fedha kwenye chungu kimoja na kuziwekeza pamoja, siku mtu anapoingia au kutoka lazima ijulikane kila sehemu ya chungu ni shilingi ngapi siku hiyo. Bei ikikosewa kwa kuwa ndogo, anayeingia anawala waliomo. Ikiwa kubwa kupita kiasi, anayetoka ndiye anayewala wanaobaki. Hakuna anayeiba, hesabu yenyewe ndiyo inayohamisha hela.

Nimeshika vitabu vya kikundi hiki tangu kianze Januari 2023 kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kipande. Hapa naonyesha hesabu ya siku moja tu, Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, mwanzo hadi mwisho, pamoja na kosa lililokaribia kututoa shilingi 125,000. Mifuko mikubwa ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, inafuata kanuni hii hii. Tofauti ni kwamba wao wana mali nyingi zaidi, wanapiga hesabu kila siku ya kazi, na kuna mtu wa tatu anayetunza mali na kuwachunguza. Ukiielewa yetu, ya kwao utaisoma bila shida.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
thamani ya kipande = (mali zote - madeni yote) / idadi ya vipande
```

Kugawanya hakujawahi kumshinda mtu. Kazi iko kwenye yale maneno matatu: mali, madeni, vipande. Kila moja lina mtego wake.

Hatua ya kwanza: funga mlango

Kabla ya kuhesabu chochote, chagueni siku na saa ya kufunga. Sisi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Anayetaka kununua vipande awe ameshaweka hela kabla ya saa hiyo, na anayetaka kutoka awe ameshampa katibu barua. Bei inapigwa baada ya hapo, kwa hiyo wote wawili wanaomba bila kuijua.

Watu wengi wanaona hili kama usumbufu. "Niambie bei kwanza ndiyo nilipe." Hapana, na sababu yake ni hii. Tuna hisa 15,000 za benki moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tuseme Ijumaa zimefunga kwa shilingi 600, halafu Jumatatu zikapanda hadi 660. Hapo chungu kimeongezeka shilingi 900,000, yaani karibu shilingi 19 kwa kila kipande. Mwanachama aliyesikia habari hiyo akiruhusiwa kununua Jumanne kwa bei ya Ijumaa, anajimegea faida ambayo hela yake haikuifanyia kazi. Mifuko mikubwa nayo ina saa ya kufunga kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana ukipeleka hela jioni unaweza kukuta umepewa vipande kwa bei ya siku inayofuata.

Hatua ya pili: mali, moja moja, kwa thamani ya leo

Anza na fedha taslimu kwa sababu ndiyo rahisi. Stetimenti ya benki ilisoma 6,528,000 na akaunti ya simu 312,000, jumla 6,840,000. Chukua kilichopo kwenye stetimenti, si kile mweka hazina anachokumbuka. Kama kuna hundi mliyotoa ambayo haijapita benki, itoe.

Inayofuata ni fiksidi, yaani hela tuliyoifungia benki kwa muda maalumu. Tuliweka 20,000,000 tarehe 1 Aprili kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, na inaiva mwezi wa kumi. Hapa vikundi vingi vinaandika milioni ishirini na kupita, kwa hoja kwamba riba haijalipwa. Lakini ile hela imeshafanya kazi siku 88 kufikia tarehe 28 Juni, na riba ya siku hizo ni ya waliokuwemo siku hizo. Mkiisubiri iive, mtu atakayeingia Septemba atagawana riba ya miezi mitano ambayo hakuwepo. Kwa hiyo tunaihesabu kwa siku:

```
20,000,000 x 0.09 x 88 / 365 = 433,973
```

Usiishie hapo. Benki itakapolipa riba hiyo itakata kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo chetu ni 390,575. Kuandika riba kabla ya kodi ni kujipa hela ambayo TRA ndiyo itakayoipata.

Ya tatu ni hatifungani, yaani mkopo tulioipa serikali kwa miaka kumi, ya thamani ya usoni 20,000,000, inayotoa riba ya asilimia 10 kwa mwaka kwa mikupuo miwili ya milioni moja moja. Hii ina sehemu mbili, na lazima utenganishe. Sehemu ya kwanza ni bei. Hatifungani hailazimiki kuwa na thamani ya ile milioni ishirini iliyoandikwa usoni. Serikali ikitoa hatifungani mpya zenye riba nzuri zaidi, ya zamani hushuka bei, maana nani atakununulia yako kwa bei kamili wakati anaweza kupata yenye riba kubwa? Siku ile dalali wetu alitupa bei ya 97.50 kwa kila mia, ambayo kwa hatifungani yetu ni 19,500,000.

Sehemu ya pili ni riba iliyojikusanya tangu malipo ya mwisho. Tulilipwa tarehe 15 Machi na malipo yanayofuata ni tarehe 15 Septemba. Katikati kuna siku 184, na kufikia 28 Juni zimepita 105. Kwa hiyo katika ile milioni moja ijayo, sehemu iliyokwisha kuiva ni 1,000,000 mara 105 gawanya kwa 184, yaani 570,652. Riba ya hatifungani hii haikatwi kodi ya zuio, kwa hiyo inaingia yote. Muulize dalali swali moja kabla ya kuandika: bei aliyokupa ina riba ndani au haina? Kama ina riba ndani na wewe ukaongeza tena, umehesabu mara mbili.

Niongeze jambo kuhusu bei za hatifungani, kwa sababu ndipo penye ubishi wa kweli. Hatifungani nyingi hapa kwetu haziuzwi kila siku sokoni, na ya kwako inaweza kukaa wiki kadhaa bila mtu kuigusa. Wapo wanaosema, "Sisi tutaishika hadi iive, ya nini kuhangaika na bei ya soko?" Hoja hiyo ina nguvu kama hakuna anayeingia wala kutoka. Lakini anayetoka leo hasubiri iive, anataka hela leo. Binafsi nashika bei ya soko inapopatikana. Isipopatikana, natafuta bei ya hatifungani ya muda na riba inayokaribiana iliyouzwa karibuni, naandika nimeitoa wapi, na utaratibu huo siubadilishi mwezi unaofuata. Kubadilisha utaratibu katikati ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutengeneza faida ya karatasi.

Hisa: 15,000 kwa bei ya kufunga ya 600, jumla 9,000,000. Tumia bei ya kufunga ya siku ile. Usitumie bei mliyonunulia, wala bei ya juu mliyoiona asubuhi. Kama siku hiyo hisa haikuuzwa kabisa, bei ya kufunga inayoonekana ni ya siku ya mwisho ilipouzwa. Iandike, lakini weka tarehe yake pembeni. Ikiwa ya wiki tatu nyuma, kikao kijue.

Mwisho kuna gawio. Benki ile ilikuwa imetangaza gawio la shilingi 50 kwa hisa, daftari la wanahisa limeshafungwa mwezi Juni, na malipo ni Julai. Sisi tulikuwemo kwenye daftari, kwa hiyo hela ni yetu ingawa haijafika: 750,000, kutoa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni, inabaki 712,500. Usipoiandika utaumia mara mbili, maana soko halisubiri. Haki ya gawio ikishapita, bei ya hisa hushuka kwa sababu mnunuzi mpya hapati tena lile gawio. Ya kwetu ilishuka kutoka 630 hadi 600. Ukiandika kushuka bila kuandika gawio, kipande kitaonekana kimepata hasara ambayo haipo.

Kuna mali moja siioni mahali pake kwenye hesabu hii, nayo ni kiwanja. Mwaka jana wenzangu walitaka tununue kiwanja njia ya Himo kwa hela ya vipande. Nilikataa, na bado nakataa. Kiwanja hakina bei ya Ijumaa saa kumi jioni. Kila mtu ana bei yake kichwani. Anayetoka atataja kubwa, wanaobaki watataja ndogo, na wote watakuwa na jirani wa kuwathibitishia. Mkitaka kiwanja, kiwekeni kwenye daftari lake, chenye wamiliki wake, nje ya vipande.

Hatua ya tatu: madeni, hasa yale yasiyodai kwa sauti

Ukisema deni, watu hufikiri mkopo. Kikundi chetu hakina mkopo, lakini kina madeni matatu.

Mkaguzi wa hesabu tunamlipa 600,000 mwisho wa mwaka. Ankara inakuja Desemba, lakini kila mwezi unaopita umeshakula shilingi 50,000 zake. Kufikia Juni anatudai 300,000, ndivyo ninavyoandika. Nisipoandika, aliyetoka Juni atakuwa amekaguliwa bure na watakaobaki Desemba watamlipia. La pili ni posho ya katibu ya mwezi Juni, 60,000, ambayo ilikuwa haijalipwa.

La tatu ndilo lililotuponza. Zile milioni mbili za mwanachama mpya ziliingia benki Ijumaa asubuhi. Kwenye stetimenti zimo, ndani ya ile 6,528,000. Lakini vipande vyake havijatolewa bado, kwa sababu bei ndiyo kwanza inatafutwa. Maana yake siku ile kikundi kinazishika kwa niaba yake: ni mali upande mmoja na deni upande wa pili. Usipoziweka kwenye madeni, unagawa hela yake kwa wenzake kabla hajaingia.

Upande wa anayetoka ni kinyume chake, na hapa wengi huchanganyikiwa. Ndugu mmoja alikuwa anahamia Dodoma na aliomba kuuza vipande vyake 3,000. Je, hela yake tuiandike kwenye madeni? Hapana, si bado. Hadi saa ya bei, vipande vyake viko kwenye hesabu ya vipande, naye anashiriki faida na hasara ya siku hiyo kama wenzake. Ukiandika deni lake na papo hapo ukamhesabia vipande, umemhesabu mara mbili na bei itashuka kwa kila mtu. Bei ikishapigwa, hapo ndipo vipande vyake vinafutwa na hela yake inakuwa deni hadi alipwe.

Hatua ya nne: vipande, halafu ugawanye

Idadi ya vipande inatoka kwenye daftari la wanachama. Usiitoe kwenye kumbukumbu ya mwezi uliopita. Jumlisha vipande vya kila mtu, uone kama vinafika jumla kuu. Vyetu vilikuwa 48,000.

Sasa yote yako mezani:

| | Shilingi |
|---|---:|
| Benki na simu | 6,840,000 |
| Fiksidi na riba yake baada ya kodi | 20,390,575 |
| Hatifungani na riba iliyojikusanya | 20,070,652 |
| Hisa | 9,000,000 |
| Gawio linalokuja, baada ya kodi | 712,500 |
| Jumla ya mali | 57,013,727 |
| Mkaguzi | 300,000 |
| Posho ya katibu | 60,000 |
| Fedha ya mwanachama mpya | 2,000,000 |
| Jumla ya madeni | 2,360,000 |
| Thamani halisi | 54,653,727 |

Gawanya kwa 48,000 unapata 1,138.6193. Kwenye Eksel, kama jumla ya mali iko B7, madeni B11 na vipande B13, andika hivi:

```
=ROUND((B7-B11)/B13,4)
```

Tarakimu nne baada ya nukta si mbwembwe za mhasibu. Mweka hazina wetu alipendekeza tuiviringe iwe 1,139 ili watu waelewe. Kwa ndugu wa Dodoma peke yake, senti hizo 38 zingekuwa shilingi 1,142 za wenzake. Si nyingi, lakini zinajirudia kila mwezi na daima kuna mtu mmoja anayezilipa. Vipande vyenyewe navyo tunaviandika kwa tarakimu nne.

Hatua ya tano: ingiza na kutoa, kisha ujikague

Mwanachama mpya: 2,000,000 gawanya kwa 1,138.6193, anapata vipande 1,756.5133. Anayetoka: 3,000 mara 1,138.6193, analipwa 3,415,858.

Sasa fanya jaribio ambalo silirukaga hata mwezi mmoja. Chukua thamani halisi 54,653,727, ongeza milioni mbili, toa 3,415,858, inabaki 53,237,869. Chukua vipande 48,000, ongeza 1,756.5133, toa 3,000, vinabaki 46,756.5133. Gawanya. Inarudi 1,138.6193 ile ile. Kuingia na kutoka kwa watu kwa bei sahihi hakusogezi bei. Ikisogea, hata kwa shilingi moja, kuna mtu kapunjwa na kazi inarudiwa.

Hapo ndipo nilipomwonyesha mgeni wetu kwa nini hatukumpa vipande elfu mbili. Tungempa kwa bei ya elfu moja, kabla ya kumtoa yeyote chungu kingekuwa na 56,653,727 kwa vipande 50,000, yaani 1,133.07 kila kimoja. Milioni mbili zake zingegeuka 2,266,149 kabla kahawa haijapoa, na ile 266,149 ingetoka kwa wenzake, shilingi tano na nusu kwa kila kipande. Alicheka, akasema, "Basi nimeelewa, ng'ombe ana mimba."

Jinsi tulivyolibaini kosa

Hesabu ya kwanza ya siku ile haikutoa 1,138.6193. Mweka hazina aliniletea 1,180.2860 kwenye simu Ijumaa usiku, akiwa amefurahi. Alisahau kuweka zile milioni mbili kwenye madeni. Kwa bei hiyo ndugu wa Dodoma angelipwa 125,000 zaidi ya haki yake, na mgeni angepata vipande pungufu. Simlaumu. Jedwali lake halikuwa na mstari wa fedha za wanaosubiri vipande, na aliyelitengeneza jedwali hilo ni mimi.

Kilichotuokoa ni kulinganisha na mwezi uliopita. Tarehe 31 Mei kipande kilikuwa 1,129.6829. Kutoka hapo hadi 1,180 ni asilimia 4.5 kwa siku 28, wakati hisa ilikuwa imeshuka na fiksidi inatoa asilimia 9 kwa mwaka mzima. Haiingii akilini. Basi nikakaa chini nikauliza: kati ya Mei na Juni nini hasa kilibadilika?

Fiksidi iliongeza riba ya siku 28, ambayo baada ya kodi ni 124,274. Hatifungani iliongeza 152,174, na bei yake haikusogea. Gawio limeleta 712,500. Hisa zimeshuka shilingi 30 kila moja, hasara 450,000. Mkaguzi na katibu wamekula 110,000. Ukijumlisha na kutoa unapata ongezeko la 428,948. Ligawanye kwa vipande 48,000, ni shilingi 8.94 kwa kipande. Ongeza kwenye bei ya Mei unafika 1,138.62. Ile 1,180 ilikuwa na shilingi 41.67 kwa kila kipande zisizo na mwenyewe, na 41.67 mara 48,000 ni milioni mbili kamili. Kosa likakutwa limekaa pale pale.

Tangu siku hiyo bei haiendi kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya maelezo hayo ya mabadiliko kuandikwa chini yake, mstari kwa mstari, na mtu wa pili ambaye hakupiga hesabu kuyasoma. Kama hujui kwa nini bei imepanda, chukulia kwamba haijapanda.

Ukiitazama bei ya mfuko mkubwa

Ukifungua ukurasa wa mfuko wa pamoja utakuta thamani halisi ya kipande, na pembeni bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Thamani halisi ndiyo hesabu tuliyoifanya hapo juu. Hizo bei nyingine mbili ni thamani hiyo baada ya tozo, kama ipo. Mfuko wenye tozo ya kutoka ya asilimia 1 na thamani ya kipande ya 1,138.6193 utakulipa 1,127.2331. Ada ya meneja hutaiona ikikatwa popote, kwa sababu imeshaingia kwenye madeni siku kwa siku, kama mkaguzi wetu.

Usichague mfuko kwa sababu kipande chake ni cha bei ndogo. Kipande cha 300 na cha 1,100 havitofautiani kwa urahisi wala ughali. Kila kimoja kilianza kwa bei yake, mwaka wake, na kingine kinagawa mapato kila baada ya muda wakati kingine kinayalimbikiza ndani. Mfuko unaogawa utaona bei yake inashuka siku ya mgao kwa kiasi kile kile kilichogawiwa, na hiyo si hasara. Linganisha kipande na chenyewe cha mwaka jana, ukiongeza mgao uliopokea.

Na kwa vikundi vyenzetu: hesabu hii mnaweza kuifanya kwa ajili ya wanachama wenu mnaofahamiana. Kuuza vipande kwa umma ni jambo jingine kabisa, linahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kikundi kidogo cha kifedha cha jamii chenyewe nacho kinapaswa kusajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Gawio liliingia benki Julai, 712,500 kamili. Yule mgeni, ambaye sasa ni mwanachama mwenye maswali kuliko wote, alinipigia simu: "Kaka, hela imefika, kipande kimepanda ngapi?" Nikamwambia hakijapanda. Mstari wa gawio linalokuja umekuwa sifuri, mstari wa benki umeongezeka kwa kiasi hicho hicho, na bei imekaa pale pale. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kumbe swali hilo alipaswa kuliuliza Juni, gawio lilipoandikwa.